Kope linaloshuka jioni na kitu kimoja kuonekana viwili

Tuchukue mfano wa fundi cherehani wa Majengo. Asubuhi macho yake yako wazi kama ya mtu yeyote. Kufikia alasiri kope la kushoto limeanza kushuka, na ikifika magharibi anaona sindano mbili. Watu humwambia mengi; tuyapime moja moja.

"Ni uchovu tu, atafute miwani."

Kwanza afunike jicho moja, lolote lile. Sindano ikirudi kuwa moja, kila jicho peke yake linaona sawa, ila misuli inayoyageuza macho haiyaelekezi pamoja. Miwani ya kusomea haitibu hilo.

Neva inapotaka msuli ujikaze hutoa kemikali, asetilikolini, ambayo hupokewa na vipokezi vilivyo juu ya msuli. Katika ugonjwa wa miasthenia gravis, kinga ya mwili wenyewe huvishambulia vipokezi hivyo. Vilivyobaki hutosha asubuhi. Lakini msuli ukitumika mfululizo, kemikali inayotolewa hupungua na amri ya neva hushindwa kupita. Ndiyo maana fundi akipumzisha macho kidogo, kope hupanda tena.

"Linakuja na kuondoka, basi ni jicho la hasidi."

Naelewa dhana hii inatoka wapi: mgonjwa hufika kliniki asubuhi akiwa mzima, anaambiwa hana kitu. Aende jioni, au apige picha za uso wake asubuhi na jioni. Daktari humwambia atazame juu kwa dakika moja bila kushusha macho, na kope huteremka polepole. Kisha huwekewa barafu iliyofungwa kitambaani juu ya kope, macho yakiwa yamefumbwa, kwa dakika 2. Kope likipanda milimita 2 au zaidi, ni ishara nzito ya ugonjwa huu, kwa kuwa baridi hupunguza kasi ya kuvunjwa kwa asetilikolini.

Katika ugonjwa huu mboni hubaki ya kawaida. Kope likianguka ghafla, mboni ikatanuka au kichwa kikauma vikali, hilo ni jambo jingine, na ni la kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

"Kipimo cha damu kimetoka safi, hana ugonjwa."

Ugonjwa ukiwa machoni tu, takriban nusu ya wagonjwa hawaonyeshi katika damu kingamwili, yaani protini za kinga zinazovishambulia vipokezi. Hapo hutafutwa kipimo cha umeme wa misuli. Mgonjwa hupigwa pia picha ya kifua, maana thaimasi, tezi ya kinga iliyo kifuani, huweza kuwa na uvimbe.

"Dawa yoyote ya duka la dawa haina neno."

Ina neno. Kwinini, jentamaisini, siprofloksasini na azithromaisini zinaweza kuuzidisha udhaifu, hivyo mfamasia aambiwe kabla hajauza. Dawa ya ugonjwa wenyewe, piridostigmini, huinua kope kwa saa chache, lakini haizuii kinga kushambulia, na mara nyingi kuona viwili hubaki. Hapo daktari huongeza prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga.

Kwa wengi ambao ugonjwa husambaa mwilini, hutokea ndani ya miaka 2 ya mwanzo. Sauti ikianza kupwaya, chakula kikakwama kooni au pumzi ikawa fupi, asingoje kupambazuke: apelekwe hospitali usiku huo huo.