Kura 412 za chaneli ya kahawa: dhana potofu kuhusu kuwauliza watazamaji

Nina chaneli ndogo ya YouTube hapa Moshi, inahusu kahawa na vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani mlimani. Mwaka jana niliwauliza watazamaji video ijayo iwe ya nini: historia ya mifongo, ile mifereji ya jadi ya kumwagilia mashamba, ugonjwa wa chulebuni unaoozesha punje za kahawa, kupogoa mibuni, au bei za mnadani. Zilipigwa kura 412, na 239 kati yake, yaani asilimia 58, zikachagua mifongo. Nikapanda Marangu siku tatu na kamera, nikarudi na video ya dakika 34. Kufikia dakika ya tano, watazamaji saba kati ya kumi walikuwa wameshaondoka.

Dhana: Kura zikiwa nyingi, jibu ni la kuaminika.

Ukweli ni kwamba wingi wa kura hauponyi ubovu wa namna zilivyopatikana. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi za kura kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, na hesabu yao ikampa Landon ushindi wa urais dhidi ya Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yao mengi yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katika miaka ya dhiki ambapo fukara hakuwa na simu wala gari. Juu ya hapo, waliojisumbua kurudisha kadi hawakuwa sawa na walionyamaza.

Kwangu ilikuwa vilevile, kwa udogo wake. Mwezi ule chaneli ilitazamwa na watu kama 21,000, kwa hiyo waliopiga kura hawakufika hata wawili na nusu katika mia. Ni akina nani? Niliweka dodoso fupi chini ya video, likiwa na swali la unaishi wapi. Katika majibu 63, watu 41 walikuwa nje ya mkoa wa Kilimanjaro, wengi wao Dar. Hao ni ndugu zetu wanaorudi nyumbani mlimani Desemba. Mfongo kwao ni utoto, ni babu na jembe begani, kwa hiyo kura yao ilikuwa ya kweli kabisa. Lakini mkulima anayekuja kupitia kisanduku cha kutafutia, akiandika “kahawa inaoza punje”, hafuati chaneli yangu, na swali langu huenda hakuliona kabisa. (Na dodoso nalo lilijibiwa na wapenda kujibu, kwa hiyo zile 41 nazichukua kama fununu tu.)

Dhana: Mtu anajua atakachotazama, muulize tu.

Hata hao ndugu wa Dar hawakuimaliza video ya mifongo. Hawakunidanganya. Kuchagua historia ni kusema mimi ni mtu wa namna gani. Kukaa dakika 34 saa tatu usiku baada ya foleni ni jambo jingine. Swali la “ungependa” linajibiwa na moyo, na moyo haulipii bando.

Ana kwa ana kuna kikwazo cha adabu. Pale sokoni Marangu Mtoni nilimuuliza mama mmoja kati ya video zangu anapenda zipi.

“Zote nzuri, mwanangu.”

Angesema nini kingine, nimesimama mbele yake na kamera? Nikabadili swali: mara ya mwisho ulipotafuta kitu cha shamba kwenye simu, kilikuwa nini? Akacheka. Simu ni ya kijana wake, akasema, na walitafuta dawa ya majani yenye unga wa rangi ya chungwa. Hiyo ni kutu ya majani, na haikuwemo hata kwenye machaguo yangu manne. Kura haiwezi kukupa jibu ambalo hukuliandika.

Dhana: Mpangilio wa machaguo hauna uzito.

Unao. Mifongo niliiweka ya kwanza, na chaguo la kwanza mara nyingi huokota kura za wasiosoma hadi chini.

Dhana: Basi tuache kuuliza, takwimu za kutazamwa zinatosha.

Hapa nami nilijikwaa. Video yangu ya chulebuni, ya dakika 9, watu waliitazama kwa wastani wa nusu, nikaitangaza mshindi kwa asilimia. Lakini nusu ya dakika 9 ni dakika nne na nusu, na wastani wa mifongo ulikuwa dakika tano. Video fupi hupata asilimia kubwa kirahisi, kwa hiyo linganisha na dakika pia. Tena takwimu hazijui kwamba simu moja ilitazamwa na watu wanne barazani, wala hazisemi lolote kuhusu video ambayo hujaitengeneza. Kutu ya majani ningeisubiri humo hadi leo.

Siku hizi nauliza swali moja tu kwenye kura: “Wiki iliyopita shambani ulikwama wapi?” Na chaguo la mwisho ni “Sina shamba”. Mara ya kwanza ndilo lililoongoza.