Je, wajua namba mbili za PORTB kwenye datashiti zina kazi tofauti?

"Nina ATmega328P na nataka kuwasha LED moja kwa kuandika rejista mwenyewe. Datashiti ina mamia ya kurasa. Nitajuaje mguu upi, anwani ipi, na mkondo kiasi gani?"

Huhitaji kuisoma yote. Tuchukue pini ya PB5 na kufuata sehemu zinazoihusu.

Mwanzoni kuna mchoro wa `Pin Configurations`, na hapo angalia kwanza umbo la chipu yako. Kwenye umbo la DIP lenye miguu 28, PB5 ni mguu wa 19. Kwenye TQFP ya miguu 32, PB5 ni mguu wa 17, na mguu wa 17 wa DIP ni PB3. Kwa hiyo mtu akisoma mchoro usio wa chipu yake, anaunganisha waya mahali pengine kabisa. Kando ya jina la PB5 kuna SCK, ambayo ni kazi ya pili ya pini hiyohiyo. Ukiwasha SPI chipu ikiwa bwana wa mawasiliano, SPI ndiyo inayoamua kinachotoka kwenye pini, na ukiandika PORTB hakuna kinachobadilika. LED ikigoma ndani ya programu inayotumia SPI, anza kutafuta hapo.

Kisha nenda karibu na mwisho, kwenye jedwali la `Register Summary`. Utaona PORTB imeandikwa `0x05 (0x25)`, na DDRB `0x04 (0x24)`. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Namba ya kwanza ni anwani ya eneo la I/O, inayotumiwa na amri kama `in`, `out` na `sbi`. Ya kwenye mabano ni anwani ya rejista hiyohiyo ikitazamwa kama sehemu ya kumbukumbu ya data, na ndiyo unayoihitaji ukitumia pointa ya C. Tofauti ya 0x20 inatokana na rejista 32 za prosesa yenyewe, R0 hadi R31, ambazo zimekalia nafasi za kwanza za kumbukumbu hiyo.

```
*(volatile uint8_t *)0x24 |= (1 << 5);  // DDRB: PB5 itoe
*(volatile uint8_t *)0x25 |= (1 << 5);  // PORTB: PB5 juu
```

Ukiandika 0x05 kwenye pointa hiyo badala ya 0x25, kompaila haitalalamika. Thamani itaingia kwenye R5, taa haitawaka, na ikiwa kompaila ilikuwa imehifadhi kitu ndani ya R5, programu itaanza kukosea mahali ambapo hapahusiani na taa. Kosa la namna hii linachosha sana kulitafuta, maana msimbo unaonekana sahihi.

Sasa mkondo. Kwenye `Absolute Maximum Ratings` utakuta mA 40 kwa pini moja, na watu hurudia namba hiyo kana kwamba ni ruhusa. Siyo. Ni mpaka ambao ukiuvuka chipu inaweza kuharibika moja kwa moja, na maelezo ya hapohapo yanaonya kwamba hata kukaa muda mrefu kwenye mipaka hiyo kunaweza kupunguza uimara wake. Namba ya kufanyia kazi iko kwenye `DC Characteristics`: chipu ikipewa volti 5 na pini ikitoa mA 20, pini iliyo juu haitashuka chini ya volti 4.2.

Tuseme LED nyekundu inachukua volti 2, na umeweka rezista ya omu 220. Pini ingebaki kwenye volti 5 kamili, mkondo ungekuwa (5 − 2) / 220, karibu mA 13.6. Ikishuka hadi 4.2, unakuwa mA 10. Kwa vyovyote uko chini ya 20.

Usiache kusoma vidokezo vilivyo chini ya jedwali hilo, japo vimechapwa kwa herufi ndogo. Kimoja kinasema jumla ya mkondo unaotolewa na kundi lenye B0 hadi B5 na D5 hadi D7 isizidi mA 150. Hizo ni pini tisa. Ukiziwashia mA 20 kila moja unafika 180, ingawa hakuna hata moja iliyovuka kiwango chake.

Ukitaka kuhakiki, washa taa kisha pima volti kati ya PB5 na GND, ukipima pia VCC kwenye mguu wa chipu. VCC ikiwa 5 kweli na PB5 iko chini ya 4.2, pini imebeba mkondo kupita kiasi: ongeza rezista, au weka transista ibebe mzigo.