Mrija wa kupulizia kioo: pumzi ilivyoshusha bei ya chupa

Aliyekulia kijijini atakumbuka bua la jani la mpapai. Unakata ncha zote mbili, unalichovya kwenye maji ya sabuni, unapuliza polepole, na upande wa pili linatoka puto jembamba linalong'aa. Fundi wa kioo anafanya jambo hilohilo, ila bua lake ni la chuma na povu lake ni kioo kilichoyeyuka. Chombo hicho ndicho kinachoitwa mrija wa kupulizia: bomba la chuma lenye urefu wa mita moja hadi moja na nusu, wazi pande zote mbili. Upande mmoja unachovywa kwenye chungu kilichomo ndani ya tanuri, na upande mwingine unakaa mdomoni mwa fundi.

Kioo chenyewe ni cha zamani kuliko mrija. Misri na Mesopotamia walikuwa wakitengeneza chupa za kioo tangu miaka ya 1500 KK hivi. Tatizo lilikuwa namna ya kutengeneza uwazi wa ndani. Fundi alifinyanga kiini cha udongo uliochanganywa na samadi kwenye ncha ya kijiti, akakivika kioo cha moto, akakiviringisha juu ya jiwe hadi kikawa laini, akakiacha kipoe, kisha akaanza kukwangua udongo kupitia shingo isiyopitisha hata kidole. Baada ya kazi yote hiyo alipata kichupa cha manukato kinachoenea kiganjani. Mabakuli yalikuwa na njia yake: kisahani cha kioo kililainishwa motoni kikalalia umbo la udongo, halafu kikasuguliwa na kung'arishwa kwa saa nyingi kama anavyofanya mchonga mawe. Kwa hiyo aliyenunua kikombe alilipia zaidi mikono ya fundi kuliko kioo.

Mabadiliko yalianzia Shamu na Palestina. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Nahman Avigad alichimba Mtaa wa Wayahudi katika mji wa kale wa Yerusalemu, na ndani ya birika la zamani la kujitakasia akakuta takataka za karakana ya kioo za miaka ya 50 KK hivi. Humo mlikuwa na vijirija vya kioo vyenyewe. Mafundi walikuwa wameziba ncha moja kwa kuibana ikiwa ya moto, wakapuliza kupitia ncha ya pili, ikavimba kama kitunguu kidogo. Maana yake ni kwamba pumzi ilitangulia, na bomba la chuma likafuata baadaye, katika karne ya kwanza BK.

Chuma kilihitajika kwa sababu kijirija cha kioo kina mpaka wake. Huwezi kuvimbisha zaidi ya kioo kilichomo ndani yake, na ukikirudisha motoni ili kilainike tena, mpini wenyewe nao unalegea mkononi. Chuma kinabaki kigumu katika joto linalolegeza kioo. Kioo cha moto kinakishika vizuri, kisha vikipoa, viwili hivyo vinasinyaa kwa viwango tofauti, na pigo dogo linatosha kuviachanisha. Juu ya yote, fundi anaweza kuchota donge la ukubwa anaoutaka, na akiona halitoshi anachota tena juu yake.

Tumfuate fundi mmoja akitengeneza chupa. Anazungusha ncha ya mrija kwenye chungu chenye kioo kizito kama asali, katika joto la nyuzi elfu moja na zaidi kidogo. Akilitoa donge, haachi kulizungusha hata kidogo, maana uvutano wa dunia unalivuta chini na likipata nafasi litaning'inia upande mmoja. Analiviringisha juu ya bamba la jiwe ili ngozi yake ipoe kidogo na kukaza, kisha anapuliza. Pumzi ya kwanza ndiyo ngumu. Kiputo kikishaanza, kinaendelea kwa pumzi ndogo, kama puto la watoto. Akiupunga mrija kuelekea chini, umbo linarefuka. Shingo anaibana kwa koleo huku akizungusha. Kioo kikianza kukaza kabla hajamaliza, anakirudisha kwenye mdomo wa tanuri.

Mtu anaweza kujiuliza kwa nini kiputo hicho hakipasuki pale kilipo chembamba. Jibu lake ndilo siri ya kazi yote. Sehemu iliyotanuka ikawa nyembamba hupoa upesi na kukaza, hivyo pumzi inayofuata inakwenda kuisukuma sehemu nene ambayo bado ni ya moto. Unene unajisawazisha wenyewe bila kipimo chochote. Kikirudishwa motoni hali inageuka: sehemu nyembamba ndiyo inayolegea kwanza, na hapo ndipo mwanafunzi anapotoboa chupa yake.

Mwishoni chombo kinakwanyuliwa kwenye mrija na kuwekwa mahali pa moto kiasi, kipoe taratibu. Kikiachwa kwenye hewa ya kawaida, ngozi ya nje inasinyaa kabla ya ndani, na kikombe kinapasuka chenyewe, pengine wakati hakuna aliyekigusa. Mwanzoni midomo ya vikombe ilibaki na ukingo mkali, ikabidi isuguliwe. Baadaye katika karne ya kwanza, mafundi walianza kugandisha fimbo nyingine ya chuma kwenye kitako, wakatia mdomo motoni na kuuzungusha hadi ukawa laini. Fimbo hiyo iliacha kovu chini ya chombo, na ukilipapasa utalihisi.

Karibu na mwanzo wa karne hiyo, mwanajiografia Strabo aliandika kwamba mjini Roma mtu aliweza kununua bakuli la kioo au kikombe kidogo kwa sarafu moja ya shaba. Orodha ya bei ya Kaisari Diocletian, ya mwaka 301, inaonyesha zaidi. Kioo kiliuzwa kwa uzito, kwa ratili ya Kirumi, ambayo ni gramu 320 na kitu. Ratili ya kioo ghafi cha kijani cha Uyahudi iliwekewa dinari 13, na ratili ya vikombe na vyombo vya kawaida vya kioo hichohicho dinari 20. Kwa hiyo kuni, tanuri, pumzi na mikono viliongeza dinari 7 tu. Kikombe chembamba kikiwa na gramu 100 hivi, ratili inatoa vitatu, kila kimoja chini kidogo ya dinari 7. Orodha hiyohiyo inampa kibarua wa shambani dinari 25 kwa siku pamoja na chakula chake, kwa hiyo ujira wa siku moja ulitosha kununua vikombe vitatu na chenji ikabaki.

Sehemu kubwa ya bei ilikuwa ya kioo ghafi. Hicho kilipikwa kwa mchanga wa pwani ya Palestina, karibu na mji wa Akka, pamoja na magadi ya Misri, ndugu wa magadi tunayotia kwenye maharage, kikavunjwa mabonge na kusafirishwa kwa meli hadi kwenye karakana za mbali. Vipande vilivyopasuka vilirudishwa chunguni, kwa hiyo hata kazi iliyoharibika haikupotea bure. Rangi ya kijani haikutiwa makusudi: ilitokana na chuma kidogo kilichomo mchangani. Mnunuzi aliyetaka kioo cha Aleksandria alilipa dinari 24 kwa ratili ya kioo ghafi, na 30 kwa vikombe.