Kipimo cha siku ya kwanza kinavyodanganya

Kwenye kliniki yangu hapa Dar, karatasi ya utrasaundi iliyoandikwa kwamba figo ya mtoto tumboni "ina maji" huwa imeshazunguka ukoo mzima kabla ya kunifikia mimi. Maji yenyewe ni mkojo tu. Mtoto hukojoa tangu akiwa tumboni, na katikati ya figo pana kikombe ambamo mkojo hukusanyika kabla ya kushuka kibofuni. Kikombe hicho kikitanuka, tunaiita haidronefrosisi. Tunapima upana wake: kabla ya wiki 28 tunaanza kuuandika ukifika milimita 4, na kuanzia wiki 28 ukifika milimita 7. Watoto wengi wenye utanuzi mdogo hurudi kawaida bila dawa wala kisu.

Ninayetaka kumsimulia hakuwa kwenye kundi hilo. Mama yake, mkazi wa Mbagala, alipimwa akiwa na wiki 34. Figo ya kushoto ya mtoto ilikuwa na milimita 13, ya kulia ilikuwa nzima, kibofu hakikuwa na kasoro, na maji ya uzazi yalitosha. Mtoto wa kiume akazaliwa salama. Kabla hajatimiza siku moja alipelekwa utrasaundi, ikasoma milimita 5, na mama akaambiwa maji yameisha, aende nyumbani.

Hapo ndipo wengi tunapoteleza. Siku mbili za mwanzo mtoto hunyonya dang'a kidogo kidogo, mwili wake una maji machache, na anakojoa haba. Kikombe hunywea hata kama njia imebana. Ndiyo maana utrasaundi ya kwanza husubiri saa 48 zipite, na mimi, hali ikiruhusu, napenda afike siku ya saba.

Asiyesubiri ni mtoto ambaye figo zote mbili zimetanuka sana, au mwenye figo moja tu, au ambaye maji ya uzazi yalikuwa machache. Kwa wa kiume aliyeonekana tumboni na kibofu kikubwa chenye kuta nene, nahofia vali zinazoziba njia ya mkojo. Huyo huwekewa mpira mwembamba kibofuni siku hiyohiyo, na tunarudia kupima kriatinini, taka ya damuni inayochujwa na figo, siku zinazofuata, kwa kuwa ile ya siku ya kwanza bado ni ya mama yake. Na kumwona amelowesha nepi hakunitoi wasiwasi: mwenye vali naye hukojoa, ila kwa matone au mkojo dhaifu usioruka.

Mtoto wetu alirudi akiwa na wiki saba, kwa sababu bibi yake alikataa kuamini kwamba milimita 13 zinaweza kuyeyuka usiku mmoja. Nikampima: 17. Mrija unaoshuka kibofuni haukuonekana, yaani haukutanuka, na kuta za kibofu zilikuwa nyembamba. Picha hiyo huelekeza kwenye mbano pale kikombe kinapoungana na mrija. Sikumpeleka kwenye picha ya eksirei ya kujaza dawa kibofuni, kwa kuwa hakuna kilichoashiria mkojo kurudi nyuma. Wenzangu wengine wangempeleka, na sigombani nao.

Nilimwambia mama jambo moja la kushika: joto likifika 38, mbali na kupimwa malaria, mkojo nao upimwe siku hiyohiyo, na kwa mtoto mdogo hivi uchukuliwe kwa mpira, kwani wa kwenye mfuko hubeba wadudu wa ngozini. Alikuwa ameshatahiriwa, na hilo lilinipunguzia hofu, maana kutahiriwa hupunguza maambukizi ya mkojo.

Utrasaundi huonyesha umbo, haionyeshi kazi. Kwa hiyo akafanyiwa renogramu: dawa yenye mionzi kidogo sana huchomwa mshipani, kamera ikafuatilia kila figo inavyoichuja, kisha hupewa dawa ya kuongeza mkojo ili tuone kama inashuka. Figo ya kushoto ilifanya asilimia 42 ya kazi yote. Inayofika 40 naweza kuisubiri, basi tukasubiri.

Miezi mitatu baadaye kikombe kilifika milimita 26 na kazi ikashuka hadi 34. Kuendelea kusubiri kungekuwa kuipoteza figo. Alifanyiwa upasuaji: sehemu iliyobana ikakatwa, ncha zikaunganishwa upya, na ndani ukaachwa mpira mdogo uliotolewa baada ya wiki sita.

Mama alipoona utrasaundi ya miezi mitatu baadaye alisikitika. "Dokta, mbona maji bado yapo?" Zilikuwa milimita 15. Nikamweleza kwamba kikombe kilichotanuka muda mrefu hulegea, na hunywea taratibu kwa miezi, pengine kisirudi kabisa kilivyokuwa. Ninachoangalia ni kama kinapungua na kama figo inakua. Kipimo kilichofuata kilisoma 11, na bibi alitaka aandikiwe namba hiyo kwenye kadi kwa kalamu nyekundu.