Hojaji isiyojua inatafuta nini

Hojaji ni maswali yaliyopangwa ili kila anayehojiwa aulizwe jambo lile lile kwa namna ile ile. Ila kuna hojaji zinazotungwa kinyumenyume: maswali kwanza, lengo litajulikana mbele ya safari, na wa kujibu ni yeyote atakayepatikana. Kijana wa jirani yangu hapa Kisumu aliniletea moja ya namna hiyo, maswali 38 "kuhusu maji Nyalenda", mtaa wa mabanda mjini humu. Nikamuuliza anataka kujua nini. "Nikishapata majibu nitaona," akasema.

Swali la saba liliuliza: "Bili yako ya maji ni shilingi ngapi kwa mwezi?" Alikuwa ameshahoji watu 20, na 13 hawakuandika kitu. Pengo hilo lina maana gani? Mpangaji wa chumba kimoja kwenye ploti, maji yake huenda yamo ndani ya kodi, kwa hiyo bili haijui. Jirani yake hununua kwa mtungi. Wa tatu hakutaka tu kusema. Kwenye karatasi wote watatu wameacha nafasi tupu. Ukijaza sifuri, wastani unashuka kwa uongo. Ukiwaacha nje, unabaki na wastani wa wenye mita, na Nyalenda yenyewe umeiacha nje.

Kosa hili halirekebishwi kwa hesabu. Hata angehoji watu 500, angekusanya mapengo mengi zaidi tu.

Dawa yake inachosha kidogo: kabla ya kuandika swali lolote, chora jedwali utakalolionyesha mwishoni, likiwa tupu. Tulikaa naye tukachora. Safu mbili: wapangaji wanaonunua mtungi, na wapangaji wenye mfereji ndani ya ploti wanaolipa bili wenyewe. Upande wa pili, gharama ya lita 1,000. Hapo lengo likajitokeza lenyewe: nani analipa zaidi kwa maji yale yale?

Ili kujaza kisanduku cha kwanza unahitaji bei ya mtungi wa lita 20. Tuseme ni shilingi 5. Mitungi 50 ndiyo lita 1,000, kwa hiyo 250. Cha pili kinahitaji bili ya mwezi uliopita na lita zilizosomwa kwenye mita. Wa kuulizwa naye akabadilika: anayenunua maji nyumbani, mara nyingi si yule anayeitwa mkuu wa kaya. Wenye maji ndani ya kodi wakapewa swali lao la kuwachuja mwanzoni.

Maswali 38 yakabaki 9. Umri, dini na "unaridhika na bei na usafi wa maji?" yakaondoka, hilo la mwisho pia kwa sababu ni maswali mawili yaliyofungwa kamba moja: anayeona maji ni safi lakini ghali atajibu nini?

Mazungumzo ya awali yasiyo na lengo kali yana nafasi yake, ila hayo hayahesabiwi asilimia. Zile karatasi 20 tulizisoma hivyo, na ndizo zilizotufundisha habari ya kodi.