"Hata hivyo", "aidha" na "kwa hiyo": uweke nini badala yake

Kazi yangu hapa Mwanza ni kuhariri insha na tasnifu za wanafunzi wa Kiswahili, na yapo maneno matatu ninayokutana nayo mwanzoni mwa sentensi karibu kila ukurasa: hata hivyo, aidha (au ndugu yake, zaidi ya hayo) na kwa hiyo. Mara nyingi msimamizi amekwisha kuandika pembeni: "Viunganishi vinajirudia, badilisha." Mwanafunzi anabadilisha kweli. Hata hivyo inakuwa walakini, aidha inakuwa vilevile, kwa hiyo inakuwa hivyo basi. Insha inarudi kwangu ikiwa na maneno mapya na udhaifu uleule.

Kinachochosha si kule kurudia. Maneno haya ni mapana mno. Kila moja linabeba mahusiano matatu au manne tofauti, na mwandishi anapolitumia hujiondolea kazi ya kuamua ni uhusiano upi anaoudai. Msomaji ndiye anayeachiwa kubahatisha. Ndiyo maana mimi simshauri mtu atafute visawe. Namwambia kwanza aseme uhusiano wenyewe, kisha achague neno linalobeba huo tu.

Tuchukue aya moja. Mwandishi wake aliandika insha ya hoja kuhusu sangara na maisha ya watu wa kando ya ziwa, nami naitoa hapa kwa ruhusa yake:

"Sangara aliingizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hata hivyo, aliongezeka sana katika miaka ya 1980. Aidha, samaki wadogo aina ya furu walipungua. Kwa hiyo, viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza katika miaka ya 1990. Hata hivyo, wavuvi wadogo hawakunufaika sawa na wenye mitaji. Zaidi ya hayo, sangara ana mafuta mengi. Kwa hiyo, alibanikwa kwa kuni. Hata hivyo, furu walikuwa wakianikwa juani. Kwa hiyo, mahitaji ya kuni yaliongezeka."

Habari zote ni sahihi. Sarufi haina kasoro. Lakini ukimaliza kuisoma huwezi kueleza nini kimeleta nini.

Hatua ya kwanza ni kuvifuta viunganishi vyote na kuziacha sentensi zikae wazi. Kisha, kati ya sentensi na sentensi, andika kwa penseli swali ambalo sentensi ya pili inalijibu. Lini? Kwa nini? Tofauti na nani? Ikaleta nini? Pale unaposhindwa kuandika swali lolote, tatizo haliko kwenye kiunganishi. Kuna sentensi imekosekana katikati.

"Hata hivyo" ya kwanza inaonyesha jambo hili vizuri. Sangara aliingizwa, na baadaye aliongezeka. Swali linalojibiwa ni "lini?", wala hakuna ukinzani wowote mkubwa. Kinachotakiwa hapo ni neno la wakati, na Kiswahili kinalo zuri: ndipo. "Aliingizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini ilikuwa miaka ya 1980 ndipo alipoongezeka sana." Lakini nimeibakiza, kwa sababu msomaji angetazamia samaki aongezeke mara tu baada ya kuingizwa. Lakini ni neno zuri tu la kitaaluma, na sijui nani aliwaambia wanafunzi kwamba ni la mitaani.

"Hata hivyo" ya pili ni ya aina nyingine. Viwanda vilijengwa, wavuvi wadogo hawakunufaika sawa. Hapa mwandishi anakubali jambo moja ili alishikilie jingine, na kwa kazi hiyo tunazo ingawa, japokuwa, licha ya na pamoja na kwamba. Faida ya maneno haya ni kwamba yanakulazimisha uamue uzito uko wapi. Linganisha: "Ingawa viwanda vilileta ajira, wavuvi wadogo walinufaika kidogo" na "Ingawa wavuvi wadogo walinufaika kidogo, viwanda vilileta ajira." Habari ni zilezile, hoja ni mbili tofauti. Kishazi chenye ingawa ndicho unachomwachia mpinzani wako, kile kingine ndicho unachokisimamia, na sentensi inayofuata lazima iendeleze hicho unachokisimamia. Ukiandika sentensi ya kwanza kisha ukaendelea kueleza ajira za viwandani, msomaji atapotea hata kama kila neno ni sahihi. "Hata hivyo" haikulazimishi kuamua, na nadhani ndiyo sababu inapendwa.

Jambo moja dogo hapo hapo: "ingawa... lakini..." katika sentensi moja. Tukiongea tunaiunganisha hivyo kila siku. Katika insha mimi hufuta moja, kwa kuwa kazi imekwisha kufanywa na lile la kwanza.

"Hata hivyo" ya tatu, ile ya furu kuanikwa juani, ni ulinganisho mtupu. Hakuna kinachopingwa, samaki wawili wamewekwa pamoja ili tofauti yao ionekane. Hapo nenda na ilhali, au "tofauti na", au "kwa upande wa". Na lipo bali, ambalo wengi hulitumia kama lakini. Bali hutaka ukanushi utangulie: "Furu hawakupungua kwa sababu ya sangara peke yake, bali pia kwa sababu maji ya ziwa yalizidiwa na virutubisho kutoka mashambani na mijini." Kama hakuna si, ha- au wala kabla yake, iondoe.

Sentensi hiyo inanileta kwenye "aidha, furu walipungua". Mwandishi ameiweka kama nyongeza, kana kwamba ni habari ya pili iliyo sambamba na kuongezeka kwa sangara. Sivyo: sangara huwala furu. Huo ni uhusiano wa sababu na tokeo. Nilipomwonyesha, alitaka kuandika "kwa hiyo, furu walipungua". Hiyo nayo inadai mno, maana inamfanya sangara kuwa sababu pekee, wakati uchafuzi wa maji nao ulihusika. Jibu likawa si kiunganishi kabisa bali kitenzi: "Ongezeko hilo lilichangia kupungua kwa furu." Kuchangia, kusababisha, kuchochea, kuharakisha: vitenzi hivi vinapima nguvu ya sababu, jambo ambalo kwa hiyo haiwezi kulifanya. Mtahini akikuuliza "una uhakika gani?", jibu linakuwa limekwisha kuandikwa ndani ya kitenzi.

"Kwa hiyo, viwanda vilijengwa" ndiyo mbaya kuliko zote. Furu walipungua, kwa hiyo viwanda vikajengwa? Ukiandika swali la pembeni hulipati. Kilicholeta viwanda ni sangara kuwa mwingi na kupata soko ng'ambo, na sentensi hiyo haimo katika aya. Neno kwa hiyo lilikuwa limeliziba pengo hilo hata mwandishi mwenyewe asilione. Kila ninapoiona kwa hiyo huwa nauliza: je, mtu asiyejua habari hii angeweza kufika kwenye tokeo kwa kusoma sentensi iliyotangulia tu? Kama hawezi, andika kwanza kile kinachokosekana.

Pia kwa hiyo hubeba mambo mawili yanayofaa kutenganishwa. Moja ni tokeo la kweli, yaani jambo limetukia na kuzaa jingine. Jingine ni hitimisho lako wewe mtafiti kutokana na ushahidi. Kwa tokeo, Kiswahili kina kiambishi -ka- ambacho peke yake kinatosha: "mahitaji ya kuni yakaongezeka". Kitumie penye mfuatano wa matukio tu, kwa maana kikizidi insha husomeka kama hadithi. Kwa hitimisho, taja ushahidi kisha useme "hii inaonyesha kwamba", au "inaashiria" kama ushahidi si mwingi. Tokeo likiwa ndilo linalojulikana kwanza na sababu ndiyo unayoieleza, geuza mpangilio uanze na kwa kuwa, au umalizie na ndiyo maana.

Kuhusu aidha sina mengi. Nyongeza ya uzito uleule haihitaji zaidi ya pia au na. Nyongeza inayozidi ile ya kwanza inataka isitoshe au si hivyo tu, lakini uwe na hakika kwamba inazidi kweli. Na tafadhali, "aidha aende au abaki" si matumizi yake; hapo ni ama... au.

Aya ikawa hivi:

"Sangara aliingizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini ilikuwa miaka ya 1980 ndipo alipoongezeka sana. Ongezeko hilo lilichangia kupungua kwa furu, samaki wadogo anaowala. Huku furu wakiadimika, sangara alipata soko ng'ambo, na katika miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza ili kulihudumia. Ingawa soko hilo liliingiza fedha, wavuvi wadogo hawakunufaika sawa na wenye mitaji. Kazi ya kuhifadhi samaki nayo ilibadilika. Furu walikuwa wakianikwa juani, ilhali sangara, kwa kuwa ana mafuta mengi, hakaushiki vizuri kwa jua. Wachakataji wakalazimika kumbanika, na mahitaji ya kuni yakaongezeka."

Angalia sentensi isemayo "Kazi ya kuhifadhi samaki nayo ilibadilika." Imechukua nafasi ya zaidi ya hayo. Haina kiunganishi mwanzoni. Kiungo ni nayo, pamoja na kitenzi kinachotukumbusha kwamba tunazungumzia mabadiliko. Kutaja upya kiini cha hoja hivi, au kutumia viashiria kama "ongezeko hilo" na "soko hilo", huunganisha sentensi kwa nguvu kuliko neno lolote la kubandika mbele. Ila kiashiria kiwe na nomino yake. "Hili lilisababisha..." peke yake humwacha msomaji akiuliza lipi.

Na hata hivyo yenyewe sijaifukuza. Naibakiza pale aya nzima iliyotangulia imejenga upande mmoja, na aya mpya inaanza kuupinga upande huo wote. Ukubwa wa neno unalingana na ukubwa wa mgeuko. Ukitaka kujikagua, fungua insha yako kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+F, andika hata hivyo, halafu simama kwenye kila moja na utazame inapinga nini: sentensi moja, au aya nzima. Ikiwa ni sentensi moja, nafasi hiyo mara nyingi ni ya ingawa, ilhali, au nukta peke yake.