Mteja anaisikia salamu yako mara moja tu

Nimeletewa tena ile karatasi. Safari hii imetoka kwa meneja wa kituo kimoja cha huduma kwa wateja hapa Dar es Salaam, naye anataka niwafundishe wahudumu wake: salamu saba, moja kwa kila siku ya wiki, "ili wateja wasichoke kusikia kitu kilekile." Ya Jumatatu inaanza na "Karibu sana mpendwa mteja, ni furaha yetu kukuhudumia." Ya Ijumaa sitaki hata kuinakili. Karatasi hii naijua, kinachobadilika ni nembo tu pale juu.

Mteja gani huyo anayechoka? Mtu aliyetuma hela zikaenda namba siyo anapiga simu, anasikia salamu moja, anaeleza shida yake, anakata. Kesho hapigi kuja kulinganisha ya Jumatatu na ya Jumanne. Anayeisikia salamu hiyo mara themanini, mara mia, ni mhudumu aliyevaa hedifoni, na huyo ndiye anayechoka. Kwa hiyo kubadilisha salamu ni dawa ya mhudumu, si ya mteja, na dawa ya mhudumu haitolewi kwa siku ya wiki. Jumatatu saa mbili asubuhi hana shida yoyote. Shida inaanza Jumatatu hiyohiyo saa tisa alasiri.

Kazi yangu ni kusikiliza rekodi na kufundisha, kwa hiyo nieleze kinachosikika. Chukua mhudumu mmoja, sikiliza simu yake ya pili ya siku, halafu rukia moja ya mwisho mwisho, usisikilize za katikati. Maneno ni yaleyale, neno kwa neno. Lakini ya asubuhi inasema "Habari za asubuhi, unaongea na Rehema, nikusaidie nini?" na ya jioni inasema "Habzajioni naongeanaRema nkusaidie niniii." Jina limemezwa, kwa sababu jina lako mwenyewe ndilo neno la kwanza mdomo kuacha kulijali. Silabi ya mwisho imevutwa kama wimbo. Mkazo wa Kiswahili, ule wa silabi ya pili kutoka mwisho, umelala; kila neno liko kwenye kimo kimoja. Hapo ndipo mteja anaposema moyoni "huyu anasoma," ingawa hakuna anayesoma chochote. Mtu anayesoma kweli huwa anasikika vizuri zaidi.

Kuna na suala la mlio. Mifumo mingi inaipokea simu yenyewe: mlio mfupi kwenye hedifoni, na mteja yuko hewani. Aliyechoka anaanza kuongea juu ya mlio, au kabla sauti haijakaa sawa, na mteja anasikia "...ri za mchana." Vuta pumzi moja, kisha anza. Ni nusu sekunde tu, na hakuna kiongozi wa timu atakayekudai hiyo.

Sasa, salamu yenyewe. Iwe fupi. Mteja ameshaambiwa jina la kampuni na sauti ya mashine, ameshabonyeza moja kwa Kiswahili, ameshasikiliza muziki hadi ameukariri. Ukimwambia tena "asante kwa kupiga simu" baada ya dakika tisa za foleni, unamchokoza. Muda aliosubiri mara nyingi unaonekana kwenye skrini yako. Kama ni mrefu, "Pole kwa kusubiri, unaongea na Rehema" ni salamu kamili. Kama fomu ya ubora inalazimisha jina la kampuni, liweke, upite.

Na "ndugu mteja", "mpendwa mteja", tafadhali. Hayo ni ya ujumbe wa maandishi unaokukumbusha deni. Hakuna mtu anayemwita mwenzake hivyo kwa mdomo.

Jina lililo kwenye skrini nalo usilikimbilie. Laini ngapi zimesajiliwa kwa jina la mume, la shangazi, la kijana aliyeshahama nyumba? Unasema kwa uchangamfu "Habari yako Bwana Athumani!" na anayejibu ni mwanamke. Umeharibu salamu, na umemtajia mtu usiyemjua jina la mwenye laini kabla hujahakiki lolote.

Ila hayo yote madogo. Kinachonikera hasa ni kwamba kila mtu anahangaika na sentensi ya kwanza, wakati kwetu salamu haiishi kwenye sentensi ya kwanza. Salamu ya Kiswahili ni ya kupokezana. Skripti nyingi zimeandikwa kana kwamba mteja ataambiwa "nikusaidie nini?" na atajibu kwa kutaja tatizo. Wapi. Mtu mzima wa hapa anasalimia kwanza. Sikiliza hii, nimeibadilisha kidogo isitambulike:

"Habari za mchana, unaongea na Rehema, nikusaidie nini?"
"Nzuri mwanangu, hujambo?"
"Nikusaidie nini?"
"...Haya. Nimetuma hela."

Ile "haya" ukiisikia kwenye rekodi utaelewa. Mama amegonga ukuta. Kuanzia hapo anajibu kwa mkato, namba ya muamala anaitoa kwa kusukumwa, na simu inarefuka. Mhudumu alifuata skripti sawasawa na kwenye fomu alipata alama zote za salamu. Linganisha:

"Habari za mchana, unaongea na Rehema, karibu."
"Ahsante mwanangu, hujambo?"
"Sijambo mama, shikamoo."
"Marahaba. Sasa mwanangu, nimetuma hela, nimekosea namba moja ya mwisho..."

Zimeongezeka sekunde nne hivi. Mama ameingia mwenyewe kwenye shida yake, na amesema hata kosa liko wapi kabla hajaulizwa. Sentensi ya kwanza haina uchawi wowote. Kilichomfanya Rehema asisikike kama kanda ni jibu lake la pili, na jibu la pili haliwezi kukaririwa kwa sababu linategemea ulichopewa. Mabadiliko mnayoyatafuta kwenye karatasi ya siku saba wateja wanawaletea bure, simu baada ya simu: mmoja anasema "hujambo", mwingine "mambo vipi", mwingine "asalaam aleikum", mwingine hasemi kitu. Jibu ulichopewa, basi tayari umebadilisha.

Angalia pia lile "mwanangu". Wahudumu wananiuliza kila darasa: nimwite mama, dada, au nani? Sauti inadanganya umri. Nimesikia binti mwenye mafua akiitwa mama, na hakufurahi. Jibu langu ni usianze wewe. Akikuita mwanangu, amekupa ruhusa ya kumwita mama au baba, na shikamoo inafuata bila woga. Akikuita kaka, mrudishie dada. Asipokuita kitu, "wewe" inatosha, bila cheo.

Shikamoo ikitoka kwake kuja kwako, ijibu. Mhudumu wa miaka ishirini na tatu anaona aibu, anasema "habari yako" na kuiacha shikamoo ikining'inia hewani. Aliyetoa hajui umri wako, ametoa heshima. "Marahaba, hujambo?" na mnaendelea. Kwa "mambo", kama ofisi yako inakataza "poa", "salama kabisa, karibu" inapita kote. Kwa "asalaam aleikum" mimi nasema ijibu "waaleikum salaam" hata kama si dini yako, hasa kwa simu za Zanzibar na Tanga, lakini nimekuwa na wahudumu wawili watatu waliosema dhamiri zao hazitulii, na sijapata jibu la kuwapa ambalo mimi mwenyewe linaniridhisha. Wanajibu "salama, karibu sana." Sijawakata alama.

Wapo wanaoingia na moto: "Dada, hela yangu!" kabla hujafungua mdomo. Usimrudishe kwenye mstari wa kuanzia ili ukamilishe salamu yako. "Imefanyaje hela? Niambie." Jina lako utalitaja ukifika kwenye uhakiki: "Naitwa Rehema, nitajie namba uliyotumia." Fomu ya ubora inayomnyima mhudumu huyo alama ndiyo yenye kasoro. Na hapa nigusie tabasamu. Tabasamu linasikika kwenye simu, sikatai. Ila kwa mtu aliyepoteza mshahara linasikika kama kicheko, na wakufunzi wanaobandika vioo mezani ili mhudumu ajione akitabasamu wangeandika hilo chini ya kioo.

Turudi kwa mdomo uliochoka. Sentensi ya kwanza nayo ninaibadilisha, ila kwa vipindi. Anayejaribu kubuni salamu mpya kila simu anajikwaa, maana sekunde ile ile anatakiwa kusoma skrini. Kwa hiyo hadi chai ya saa nne unatumia umbo moja, "Habari za asubuhi, unaongea na Rehema, karibu." Ukirudi, jina linahamia mbele: "Rehema hapa, habari za leo, nikusaidie nini?" Baada ya chakula, mwisho unabadilika: "Habari za mchana, ni Rehema, nakusikiliza." Kitu kimoja kinahama na mdomo unalazimika kuamka. Hiyo "nakusikiliza" naipenda kwa saa za uchovu kwa sababu inashuka mwishoni, haikupi nafasi ya kuvuta "niniii". Ukijisikia umeanza kuimba, ndiyo dalili ya kuhama umbo hata kama mapumziko hayajafika.

Je, inafanya kazi kwa sababu ya umbo jipya, au kwa sababu mtu ametoka kunywa chai? Kusema kweli siwezi kutenganisha. Wahudumu wanaobadilisha baada ya mapumziko wanasikika vizuri zaidi, lakini na waliopumzika bila kubadilisha nao wanasikika vizuri kwa muda. Tofauti ninayoisikia ni kwamba kwa hao wa pili jina linaanza kumezwa mapema zaidi.

Saa nayo iwe mbele ya macho. Mhudumu aliyesema "habari za asubuhi" saa saba mchana hana utetezi. Shifti ya usiku ni hivyo hivyo: anayepiga saa tisa usiku hajapiga kuchangamshwa. Punguza sauti, punguza mwendo, sema "Habari za usiku huu, ni Rehema," halafu nyamaza. Wengi wao wanachukua muda kidogo kabla ya kuanza kuongea, na kosa la kawaida ni kuirudia salamu yote kutoka mwanzo kana kwamba kanda imerudishwa nyuma. "Nipo, nakusikiliza" inatosha. Akiendelea kunyamaza, sema "Kama unanisikia, mimi sikusikii," kisha fuata utaratibu wa kukata.